Barua ya wazi kwa wakurugenzi wa tiba wa hospitali za Italia: "Tiba mbadala" si tafsiri ya fomu yenu ya ridhaa

Kwa: Wakurugenzi wa Tiba wa hospitali za umma nchini Italia, na wakuu wa vitengo vinavyosimamia usalama wa wagonjwa

YAH: TAFSIRI ZA KISWAHILI ZA FOMU ZA RIDHAA KABLA YA UPASUAJI

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wakalimani na watafsiri wa Kiitaliano na Kiswahili tunaoitwa katika wodi na kliniki zenu. Haya tunayoyaweka hadharani leo tuliyaandika kwanza kwa utaratibu, kwa barua zilizopokelewa na kugongwa mhuri masjala. Jibu tulilopata ni kwamba fomu zimekwisha kutafsiriwa, kwa hiyo suala limefungwa. Malalamiko yetu yanahusu hizo tafsiri zenyewe. Tumeandika kwa Kiswahili ili mgonjwa anayesubiri kupasuliwa, pamoja na nduguze, asome na ajue cha kuuliza. Nakala ya Kiitaliano mnaletewa.

Tumechukua fomu moja tu ya mfano, ile ya kuondoa kifuko cha nyongo kwa upasuaji wa matundu, ambayo nyinyi mnaiita "colecistectomia laparoscopica". Upasuaji huu ni wa kila siku, na ndani ya kurasa zake chache imo karibu kila mitego tunayokutana nayo kwenye fomu nyingine.

Sheria mnaijua kuliko sisi. Sheria namba 219 ya tarehe 22 Desemba 2017, kifungu cha 1, aya ya 3, inampa kila mtu haki ya kuelezwa kwa ukamilifu na kwa namna anayoielewa: ugonjwa wake, faida na madhara ya matibabu, njia nyingine zilizopo, na yatakayompata akikataa. Neno "anayoielewa" ndilo tunalolisimamia katika barua hii.

1. "Tiba mbadala"

Kiitaliano cha fomu kinasema "alternative terapeutiche". Katika tafsiri tulizoziona imeandikwa "tiba mbadala". Ukizitazama sehemu za neno moja moja huoni kosa. Ila kwa msomaji wa Kiswahili, tiba mbadala ni kitu mahususi kinachojulikana: miti shamba, dawa za asili, waganga wenye vibali na wasio navyo. Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2002 inayosimamia mambo hayo, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Hakuna anayesikia maneno hayo akafikiria vidonge vya hospitali.

Sasa soma sentensi kama mgonjwa anavyoisoma: "Nimeelezwa kuhusu tiba mbadala na nimechagua upasuaji." Anachoelewa ni kwamba daktari anamuuliza kama ametumia mitishamba, na kwamba kwa kutia sahihi anaahidi kuachana nayo. Aliyewahi kunywa dawa ya mizizi ananyamaza kwa kuogopa kukaripiwa, na daktari wa usingizi anakosa habari aliyoihitaji. Aliyekuwa na haki ya kuambiwa kwamba anaweza kusubiri, haambiwi.

Mahali hapo paandikwe: "njia nyingine za kutibu ugonjwa huu, ikiwemo kutokupasuliwa kwa sasa." Kisha njia zenyewe zitajwe, kwa sababu fomu nyingi hata kwa Kiitaliano huishia kusema zipo tu. Kwa mawe ya nyongo maelezo hayazidi sentensi chache:

"Kama mawe yamegunduliwa kwa bahati na hayakusumbui, mara nyingi huna haja ya kupasuliwa, unafuatiliwa tu. Kama yanakuletea maumivu, dawa za maumivu zinatuliza lakini haziondoi mawe. Kuna dawa ya kuyeyusha mawe, ila inafaa kwa mawe madogo ya aina fulani tu, inanywewa kwa miezi mingi, na mawe mara nyingi hurudi. Mrija wa kamera unaopitishwa mdomoni unaweza kutoa jiwe lililonasa kwenye mrija mkuu wa nyongo, lakini hauondoi yaliyomo ndani ya kifuko. Mtu mgonjwa sana asiyeweza kupasuliwa anaweza kuwekewa mrija kupitia ngozi ili kifuko kitoe majimaji. Ukikataa upasuaji, maumivu yanaweza kurudi, kifuko kinaweza kuvimba na kuoza, na jiwe linaweza kuziba mrija au kusababisha kongosho kuvimba."

Mtu aliyesoma haya akasema "nipasueni" ametoa ridhaa kweli. Akisema "nitasubiri" naye ametumia haki yake.

2. Neno moja, "nyongo", kwa vitu vitatu

Hapa tunaomba mtuvumilie, maana ndipo penye hatari kubwa. Katika Kiswahili cha kila siku "nyongo" ni yale maji machungu ya kijani, na pia ni kile kifuko kinachoyahifadhi. Kuku anapochinjwa tunaambizana tusipasue nyongo. Mfereji unaoyapeleka majimaji hayo kutoka kwenye ini hadi kwenye utumbo hauna jina la mtaani kabisa. Wengine huandika "kibofu cha nyongo", nayo yanafaa mradi neno "nyongo" lisidondoke: "kibofu" peke yake ni cha mkojo, na mgonjwa anayeambiwa kibofu kitatolewa anajiuliza atakojoaje.

Chukueni sentensi inayokaa katikati ya orodha ya madhara: "lesione della via biliare principale con eventuale necessità di reintervento." Tafsiri iliyobandikwa inasema hivi: "Jeraha la njia kuu ya nyongo na hatimaye haja ya kuingilia kati tena."

Kuna makosa matatu katika mstari mmoja. Kwanza, "njia kuu ya nyongo" haimwonyeshi mtu chochote. Amekwisha ambiwa nyongo inatolewa, kwa hiyo anadhani njia yake nayo inatolewa, na kwamba jeraha ni sehemu ya kazi. Pili, "hatimaye" linasema jambo litatokea mwishoni, lazima. "Eventuale" ya Kiitaliano inasema jambo huenda likatokea, huenda lisitokee. Kosa hili dogo linageuza uwezekano kuwa ahadi, na tumelikuta karibu kila ukurasa. Tatu, "kuingilia kati" ni kazi ya anayeamua ugomvi. Intervento ya daktari wa upasuaji ni kupasua.

Tunapendekeza: "Mrija mkuu unaopeleka nyongo kutoka kwenye ini hadi kwenye utumbo unaweza kukatwa au kujeruhiwa kwa bahati mbaya wakati wa upasuaji. Mrija huu hautakiwi kuguswa. Hutokea kwa nadra, lakini ni jambo zito: ikitokea, unaweza kuhitaji kupasuliwa tena, pengine upasuaji mkubwa, na kukaa hospitali muda mrefu."

Sababu nayo ielezwe kwa mdomo, maana mtu hukubali jambo analoliona akilini. Kifuko kimeshikizwa kwenye mrija mkuu kwa kijimrija chembamba. Daktari hukibana kijimrija hicho kwa vibanio vidogo, kisha hukikata. Pale ambapo kifuko kimevimba mara nyingi, nyama zimegandamana na mrija mkuu unaweza kudhaniwa kuwa ndio kijimrija. Kuchora kwenye karatasi tupu kunachukua nusu dakika: ini juu, utumbo chini, mrija katikati, na kifuko kikining'inia pembeni kama fuu kwenye kikonyo chake.

Kosa hili halikomei kwenye fomu. Mgonjwa asiyejua kwamba mrija huo upo hatambui dalili za kuharibika kwake akisharudi nyumbani. Karatasi ya kuruhusiwa inamtaka arudi akiona "ittero", yaani macho na ngozi kugeuka manjano, nayo imetafsiriwa "homa ya manjano". Homa ya manjano ni ule ugonjwa wa mbu unaochanjwa na kuandikwa kwenye kadi ya njano ya safari. Mgonjwa aliyechanjwa kabla ya kupanda ndege anaona jambo hilo halimhusu. Iandikwe wazi: "Rudi hospitali siku hiyohiyo ukiona weupe wa macho unageuka manjano, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, choo kinapauka kama udongo mweupe, una homa, au maumivu ya tumbo yanazidi badala ya kupungua."

3. "Conversione"

Upasuaji wa matundu huanza kwa kulijaza tumbo hewa ya kaboni dioksaidi, kisha kamera na vifaa hupita kwenye matundu madogo matatu au manne. Ikiwa damu inatoka bila kuonekana inakotoka, au nyama zimegandamana kiasi cha kutotofautisha kitu na kitu, daktari anaacha matundu na kufungua tumbo kwa mkato mrefu, kwa kawaida chini ya mbavu za kulia. Hiyo ndiyo "conversione". Tumeikuta imeandikwa "uongofu", neno ambalo Waswahili, Waislamu na Wakristo, wanalitumia kwa mambo ya dini. Kwingine imeandikwa "kubadilishwa kwa upasuaji", na msomaji anadhani upasuaji utaahirishwa.

Mgonjwa hawezi kuulizwa akiwa amelala, kwa hiyo ridhaa ya kufunguliwa tumbo inatolewa palepale anapotia sahihi ya matundu. Asipoielewa sentensi hiyo, anaamka na mshono mrefu ambao kwa ufahamu wake hakuukubali, na hakuna maelezo ya baadaye yatakayomtoa wasiwasi kwamba kuna kosa linafichwa. Maneno ni haya: "Daktari ataanza kwa matundu. Akiona si salama kuendelea hivyo, atafungua tumbo kwa mkato mkubwa ukiwa bado umelala. Kovu litakuwa refu zaidi na utakaa hospitali siku nyingi zaidi. Kufanya hivyo ni kukulinda. Je, unakubali?"

4. Tarakimu

Italia inaandika 0,5% kwa mkato na 1.000 kwa nukta. Aliyesoma Tanzania, Kenya au Uganda amefundishwa kinyume chake: nukta ni ya desimali, mkato ni wa maelfu. "5 su 1.000" ikinakiliwa bila kuguswa, msomaji huyo anaona tano katika moja nukta sifuri sifuri sifuri, na anaacha kusoma. Mkongomani wa Goma au Mrundi aliyesoma kwa Kifaransa hatababaishwa na mkato, kwa kuwa shuleni kwao ndivyo ulivyotumika. Kiswahili kimoja, shule mbili. Dawa yake ni maneno: badala ya asilimia, andikeni "watu 3 hadi 5 katika kila watu elfu moja", kiwango ambacho tafiti nyingi zinakitaja kwa jeraha la mrija mkuu katika upasuaji wa matundu. Tena asilimia ndogo zisisemwe kwa mdomo. Mkalimani akisema "nusu asilimia" kwa haraka, sikio la mtu mwenye hofu linadaka "nusu".

Maneno ya kiwango nayo yapatane. "Raro" iwe "nadra" kila mahali, isiwe "nadra" ukurasa wa kwanza, "adimu" wa pili na "si kawaida" wa tatu, mgonjwa akadhani ni viwango vitatu tofauti.

5. Ganzi na usingizi

Kwa ufupi: "anestesia generale" si "ganzi ya jumla". Ganzi ni ile ya daktari wa meno, huhisi maumivu lakini uko macho na unaona kila kitu. Watanzania wengi husema nusukaputi, ila neno hilo halijulikani kila mahali, na nusu iliyomo humfanya asiyelijua adhani atakuwa macho kidogo. Andikeni: "Utapewa dawa ya usingizi. Utalala kabisa, hutahisi wala kukumbuka, na mashine itakusaidia kupumua kupitia mrija kooni."

6. Mistari ya kalamu, na "ndiyo" iliyoeleweka vibaya

Sehemu yenye thamani kuliko zote katika fomu ni mistari mitupu ambayo daktari anaijaza kwa mkono: hatari zinazomhusu mgonjwa huyu, mwenye kisukari, anayemeza dawa za kuyeyusha damu, aliyewahi kupasuliwa tumbo. Sehemu hiyo kwa kawaida haitafsiriwi. Mgonjwa anapewa Kiswahili cha yale yanayoweza kumpata mtu yeyote, na Kiitaliano cha yale yanayomhusu yeye.

Halafu linakuja swali la mwisho, ambalo kwa Kiitaliano huulizwa kwa kukanusha: hajaelewa? Katika Kiswahili, anayeulizwa "Hujaelewa?" akijibu "Ndiyo", anathibitisha kwamba hajaelewa. Mwitaliano husikia "sì", kwake maana yake ameelewa, na kufunga faili. Msiulize kwa kukanusha, wala msiridhike na "sawa, daktari", ambayo kwa wengi wetu ni adabu kwa mtu mwenye elimu na si jibu la swali. Mgonjwa aombwe aeleze mwenyewe: Nini kitatolewa mwilini mwako? Ni jambo gani linaweza kumfanya daktari afungue tumbo? Usipotaka kupasuliwa leo, una njia gani? Akikwama kwenye moja, hilo linaelezwa upya kwa maneno mengine, na sahihi inasubiri.

Tunajua majibu yatakayokuja, kwa kuwa tumekwisha yapokea.

Mtasema mgonjwa ana mtoto au ndugu anayejua Kiitaliano. Sheria hiyohiyo, aya ya 2, inawahusisha ndugu kama mgonjwa mwenyewe anataka. Haiwapi kazi ya ukalimani. Binti wa miaka kumi na minne hajui "via biliare" kwa lugha yoyote, na hata angejua, hawezi kumtamkia mama yake kwamba anaweza kufa mezani. Ataruka hilo neno, nasi hatumlaumu.

Mtasema Waafrika wa Mashariki wanajua Kiingereza na Wakongomani Kifaransa. Wapo wanaojua. Waulizeni wanataka kuelezwa kwa lugha gani, badala ya kuwakadiria kwa pasipoti.

Mtasema fomu imepitishwa na wanasheria na haiguswi. Hatuombi neno moja la Kiitaliano libadilishwe. Tunaomba Kiswahili kinachokaa kando yake kiseme jambo lilelile.

Mtasema hakuna muda. Aya ya 8 inasema muda wa mazungumzo kati ya daktari na mgonjwa ni muda wa matibabu. Upasuaji wa dharura ambapo maisha yako hatarini una utaratibu wake kisheria, nasi hatuugusi. Mawe ya nyongo yasiyo na dharura hungoja orodha kwa majuma au miezi, na ndani ya muda huo mkalimani anapatikana, akikosekana ana kwa ana basi kwa simu au video.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo:

Kwanza, tafsiri zote za Kiswahili za fomu za ridhaa zinazotumika sasa zisitishwe hadi zikaguliwe. Mtafsiri mmoja atafsiri, wa pili ambaye hajaiona fomu ya asili airudishe kwa Kiitaliano, na daktari wa upasuaji alinganishe matini mbili za Kiitaliano. "Tiba mbadala" na "hatimaye" zingekamatwa siku ya kwanza kwa njia hii. Kisha isomwe na wazungumzaji wawili angalau, mmoja wa Tanzania au Kenya na mmoja wa mashariki mwa Kongo, wasio watu wa hospitali.

Pili, fomu iwe ya safu mbili, Kiitaliano kushoto na Kiswahili kulia, sentensi kwa sentensi, ili daktari ajue mgonjwa anaweka kidole wapi anapouliza. Mistari ya kalamu itafsiriwe kwa mdomo na kuandikwa kwa Kiswahili palepale, kabla ya sahihi.

Tatu, kwenye ukurasa wa sahihi paongezwe nafasi ya lugha iliyotumika, jina la mkalimani, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Mkalimani atie sahihi kwamba ametafsiri, si kwamba amemweleza mgonjwa: kueleza ni kazi ya daktari, na hatutakubali kuachiwa chumba na karatasi tukaambiwa "msomee asaini".

Nne, mgonjwa apewe nakala aende nayo nyumbani siku kadhaa kabla ya upasuaji, na iandikwe kwa herufi kubwa juu yake kwamba anaweza kubadili mawazo wakati wowote kabla ya kulazwa usingizi, bila kupoteza haki ya kutibiwa na bila jambo hilo kugusa kibali chake cha kuishi nchini. Sentensi hiyo ya mwisho inaweza kuonekana kwenu haina haja. Kwa tunaowatafsiria, hilo ndilo swali wanalotuuliza kwa sauti ya chini daktari akishatoka.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, likieleza ni fomu zipi zimesitishwa na nani atazikagua. Orodha kamili ya makosa tuliyoyakuta, ukurasa kwa ukurasa, tumeiambatanisha na nakala ya Kiitaliano, na tuko tayari kukaa na madaktari wenu tukaipitia mstari kwa mstari.

Wenu katika kazi,

Wakalimani na watafsiri wa Kiswahili katika hospitali za Italia